Maziwa ya dumu, maziwa ya pakiti

Ng'ombe hukamuliwa saa kumi na moja alfajiri. Maziwa yakitoka kwenye chuchu yana joto la mwili wa mnyama, nyuzi 38 hivi za Selsiasi, na kama ng'ombe ni mzima yana bakteria wachache mno. Dakika chache baadaye yameshapita kwenye mikono ya mkamuaji, ndoo, kitambaa cha kuchujia na dumu la plastiki ambalo shingo yake ni nyembamba kiasi kwamba hakuna mkono unaoweza kuingia kulisugua ndani. Dumu hilo hufungwa kwenye baiskeli au bodaboda, likapelekwa sokoni au likapitishwa nyumba kwa nyumba. Hivi ndivyo sehemu kubwa ya maziwa ya Tanzania na Kenya yanavyowafikia wanywaji: mabichi, bila kupita kiwandani.

Mama anayenunua nusu lita huuliza swali moja tu, kama ni ya leo. Muuzaji hujibu kwa moyo mkunjufu, "Mama, haya nimekamua alfajiri, bado yana joto lake." Jibu ni la kweli. Ila hilo joto analolisifu ndilo hasa bakteria wanalolipenda.

Tuseme kila mililita ya maziwa hayo ilianza safari na bakteria 10,000, kiasi ambacho si kibaya kwa maziwa yaliyokamuliwa kwa mkono. Saa mbili tatu za mwanzo maziwa yenyewe hujikinga, kwa kuwa yana kinga ya asili inayochelewesha ukuaji wa vijidudu. Kinga hiyo ikiisha, bakteria walio kwenye joto la mchana wa Tanga au Dar es Salaam wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana wameongezeka maradufu mara kumi. Wale 10,000 sasa wamezidi milioni kumi, katika kila mililita. Ndiyo maana maziwa ya saa mbili asubuhi huchemka vizuri, na yale yaliyobaki kwenye dumu hilo hilo hukatika mchana mara tu yanapopata moto. Bakteria wamegeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na protini ikikutana na asidi na joto kwa pamoja hugandana na kujitenga na maji. Maziwa yaliyokatika sufuriani yanatoa taarifa kamili ya muda yaliokaa na joto yaliyopitia.

Hata hivyo bakteria wanaochachisha si wa kuogopwa sana, maana wanajitangaza wenyewe kwa harufu na ladha. Wa kuogopwa ni wale wasiobadilisha chochote. Maziwa yenye vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba, unaojulikana pia kama brusela, ni meupe, matamu na hayana harufu yoyote ya ajabu. Ng'ombe anayeyatoa anaweza kuonekana na afya tele. Hilo liligunduliwa kwa gharama kubwa katika kisiwa cha Malta, na kisa chake kinastahili kusimuliwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 Malta ilikuwa chini ya Waingereza, na askari wao waliugua homa isiyoeleweka. Ilipanda, ikashuka, ikarudi tena kwa wiki na miezi, ikiambatana na jasho la usiku na maumivu ya viungo. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitangaza kwamba ameona kijidudu chake kwenye wengu wa askari waliofariki, na jina brusela limetokana na jina lake. Lakini kwa miaka karibu 20 hakuna aliyejua kijidudu hicho kinatoka wapi. Walishuku vumbi, maji machafu, mbu. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi wa kisiwani humo akakuta wengi wana dalili za maambukizi, ingawa walikuwa wakitembea, wakila na kutoa maziwa kama kawaida. Mwaka uliofuata jeshi lilipiga marufuku maziwa ya mbuzi kwa askari, na homa hiyo ikapungua ghafla kambini.

Huko Malta mbuzi walikuwa wakipitishwa mitaani na kukamuliwa mlangoni pa mteja, mbele ya macho yake. Maziwa mabichi kuliko hayo hayapo duniani. Anayesema "mimi sichemshi kwa sababu nimeyaona yakikamuliwa" anarudia hoja ya Wamalta wa wakati ule. Kuona kukamuliwa kunathibitisha kwamba maziwa hayajachachuka na hayajatiwa maji. Kuhusu brusela au kifua kikuu cha ng'ombe, hakuthibitishi lolote.

Magonjwa hayo mawili ndiyo yenye uzito zaidi katika habari ya maziwa mabichi Afrika Mashariki. Brusela humpa binadamu homa inayokuja na kuondoka, uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa malaria au taifodi kwanza, wakati mwingine zaidi ya mara moja, kabla mtu hajamuuliza kama anakunywa maziwa mabichi. Tiba yake ni dawa mbili za antibayotiki kwa pamoja, kwa muda wa wiki sita hivi. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho kikiingia kwa njia ya maziwa huelekea zaidi kwenye tezi za shingo na tumboni kuliko kwenye mapafu, kwa hiyo mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Ukiacha haya mawili, kuna vijidudu vya kuhara vinavyotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe au mikono ya watu, ambavyo huwaumiza watoto wadogo kuliko wote.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza halina utata: maziwa mabichi ya sokoni lazima yachemshwe, kila mara, hata kama muuzaji ni jirani na ng'ombe anajulikana kwa jina.

Swali la pili ni lile la maneno yanayoandikwa kwenye pakiti. Kupasteurisha ni kuyapasha maziwa joto la kiwango maalumu, kwa muda maalumu, kisha kuyapoza haraka. Jina limetoka kwa Mfaransa Louis Pasteur, ambaye katika miaka ya 1860 alionyesha kwamba mvinyo ukipashwa joto la wastani, chini sana ya kuchemka, hauharibiki upesi. Yeye alihangaika na mvinyo. Mjerumani Franz von Soxhlet ndiye aliyependekeza mwaka 1886 kwamba maziwa ya watoto wachanga yapashwe moto kwa mtindo kama huo, na miji ya Ulaya na Marekani ikafuata polepole. Chicago ilikuwa mji wa kwanza wa Marekani kuifanya sheria, mwaka 1908.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba joto na muda huenda pamoja, na kimoja kinaweza kufidia kingine. Njia ya zamani, ambayo bado inatumiwa na wasindikaji wadogo, ni kuyaweka maziwa kwenye nyuzi 63 kwa dakika 30 yakikorogwa ndani ya tangi. Viwanda vikubwa huyapitisha kati ya bamba nyembamba za chuma zenye joto, yakafika nyuzi 72 na kukaa hapo kwa sekunde 15 tu, kisha yakapozwa papo hapo hadi nyuzi 4. Matokeo ya njia hizo mbili kwa vijidudu vya magonjwa ni sawa. Ukipandisha joto kidogo, muda unaohitajika unapungua mno.

Viwango hivyo havikuokotwa hewani. Mwanzoni vilipangwa kwa kumlenga bakteria wa kifua kikuu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mgumu kufa kuliko wenzake waliojulikana. Katika miaka ya 1950 Wamarekani waligundua kwamba kijidudu cha homa iitwayo homa ya Q kinastahimili joto kidogo kuliko huyo, wakaongeza kiwango cha njia ya polepole kwa takriban nyuzi moja. Hesabu inayokubalika leo ni kwamba katika kila vijidudu 100,000 vya aina hiyo ngumu, asibaki zaidi ya mmoja.

Neno "asibaki zaidi ya mmoja" lisipitwe haraka. Joto haliui bakteria wote kwa mkupuo. Huua kwa uwiano: kwa muda fulani huua tisa katika kila kumi, kwa muda mwingine kama huo huua tisa katika kila kumi waliobaki, na kuendelea. Walioanza milioni kumi wataacha masalia mengi kuliko walioanza elfu kumi, hata kama tangi ni lile lile na dakika ni zile zile. Ndiyo sababu kituo cha kukusanyia maziwa kinachojua kazi yake hukataa maziwa yanayoelekea kuchachuka badala ya kutegemea kwamba moto utayasafisha.

Na kiwanda kinajuaje kwamba maziwa yamepashwa sawasawa? Hapa asili imewapa wataalamu bahati njema. Maziwa mabichi yana kimeng'enya kiitwacho fosfatasi, kisicho na madhara yoyote, ambacho huharibika kwenye joto lililo juu kidogo tu ya lile linalomuua bakteria wa kifua kikuu. Mpimaji huchukua maziwa kidogo, akaongeza kemikali inayobadilika rangi ikikutana na fosfatasi hai, akasubiri. Rangi isipotokea, kimeng'enya kimekufa, na kwa hiyo bakteria wa hatari wamekufa kabla yake. Rangi ikitokea, ama joto halikufika, ama kuna mtu aliyechanganya maziwa mabichi kidogo ndani ya yale yaliyopashwa. Kipimo hicho ni chepesi na kinafichua mengi, na inasikitisha kwamba wanunuzi wachache sana wamewahi kukisikia.

Sasa turudi jikoni, ambako hakuna tangi wala bamba za chuma. Kuchemsha maziwa kwenye sufuria ni zaidi ya kupasteurisha. Maziwa huchemka kwenye nyuzi 100 na kidogo pwani. Nairobi au Arusha, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na bado hiyo ni juu sana ya 72. Mpishi asiye na kipimajoto hahitaji kukisia: maziwa yakishapanda na kutaka kumwagika, joto la kuua brusela na kifua kikuu limeshapitwa. Kilicho muhimu ni kuyakoroga kwa mwiko yanapokaribia kuchemka, mpaka chini, ili joto lienee kote na yasishike sufuria, kisha kupunguza moto na kuyaacha yatokote dakika moja au mbili. Kuyatokosa kwa nusu saa hakuongezi usalama wa maana. Kunayapunguzia maji, kunayabadilisha ladha na kunamaliza mkaa.

Na virutubisho je? Protini, mafuta na kalisi hubaki. Vitamini chache zisizovumilia moto hupungua kwa sehemu, hasa vitamini C, ambayo maziwa hayakuwa nayo nyingi tangu mwanzo. Anayenyimwa usingizi na vitamini hiyo ale chungwa.

Desturi ya chai ya maziwa, ile ya kupika maji, majani na maziwa pamoja mpaka vichemke, imewakinga watu wengi wa ukanda huu bila wao kujua. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao Nairobi, walipochunguza soko la maziwa yasiyosindikwa nchini Kenya waliona kwamba karibu kaya zote za mjini huyachemsha kabla ya kuyatumia. Hatari imebaki kwenye vijinjia vya pembeni, na kimojawapo ni chai yenyewe ikiandaliwa kwa namna nyingine.

Chukua mfano wa kibanda kinachouza chai ya rangi kutoka kwenye chupa, mteja akiomba maziwa anaongezewa mabichi juu yake. Chai ina nyuzi 85, maziwa yana nyuzi 25. Yakichanganywa nusu kwa nusu, kikombe kinapata nyuzi 55. Kinaunguza ulimi, kinatoa mvuke, na mteja anaamini maziwa yameiva. Hesabu za kiwandani zinasema nyuzi 63 kwa nusu saa, na kikombe hicho hakikuzifikia hata kwa sekunde moja. Uji wa mtoto unaotiwa maziwa mabichi baada ya kuepuliwa una tatizo hilo hilo. Dawa ni kuyatia maziwa uji ukiwa bado jikoni na kuuacha uchemke nayo.

Kijinjia cha pili huja baada ya kuchemsha. Mtu amechemsha vizuri, kisha anamimina maziwa kwenye jagi lile lile lililopokelea mabichi sokoni, au anateka kwa kikombe kilichokaa ndani ya dumu. Bakteria wanarudi, tena wanakuta maziwa vuguvugu yasiyo na washindani wala ile kinga ya asili ya saa za mwanzo. Afadhali maziwa yabaki kwenye sufuria yaliyochemkia, na mfuniko wake. Sufuria iingizwe kwenye beseni la maji baridi na maji yabadilishwe yakipata moto, kwa sababu kuna bakteria wanaojifunga ndani ya maganda magumu na kustahimili kuchemka, na hao huamka maziwa yakikaa muda mrefu kwenye uvuguvugu. Yakipoa yaingie kwenye friji. Nyumba isiyo na friji iyanywe siku hiyo hiyo, na ya jioni yachemshwe tena.

Kijinjia cha tatu ndicho kinachopewa imani kubwa kuliko vyote: mtindi. Watu wengi wanaamini kwamba maziwa yakiganda, uchachu umemaliza kila kitu. Uchachu kweli huzuia bakteria wengi, na moshi unaofukizwa kwenye kibuyu, kama wafanyavyo Wamasai, au Wakalenjin kwa mursik, nao husaidia kupunguza vijidudu kwenye chombo. Lakini brusela wanaweza kuishi siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyochachuka, na bakteria wa kifua kikuu nao ni wavumilivu. Mtindi uliogandishwa kutoka maziwa mabichi na kunyweka kesho yake unaweza kumfikishia mnywaji homa ile ile ya askari wa Malta.

Kubadili njia si kazi kubwa. Maziwa yachemshwe kwanza, yaachwe yapoe mpaka kidole kivumilie joto bila shida, kisha zitiwe vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana kwa kila lita, yakorogwe, yafunikwe na kuachwa usiku kucha mahali pasipo na baridi. Mbegu hiyo ni lazima. Moto umeua bakteria wagandishaji pamoja na wabaya, na maziwa yaliyochemshwa yakiachwa peke yake huoza badala ya kuganda vizuri. Pengine ndiyo sababu wazee wengi walishikilia kwamba maziwa ya mtindi hayachemshwi: walijaribu bila mbegu, yakawaharibikia.

Yapo pia ambayo moto hauyawezi kabisa. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibayotiki, mabaki ya dawa hupita kwenye maziwa, na kuchemsha hakuyaondoi. Mfugaji ndiye anayepaswa kuyamwaga kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Ng'ombe akilishwa mashudu au pumba zilizoota ukungu, sumukuvu huingia kwenye maziwa na kubaki humo hata yakichemka. Baadhi ya bakteria nao, maziwa yakikaa muda mrefu kwenye joto, huacha sumu inayodumu hata wenyewe wakishakufa. Kwa hiyo maziwa yaliyokwisha kuchachuka hayaokolewi kwa kuchemshwa, na mnunuzi ana kila haki ya kuyakataa.

Zimebaki pakiti za dukani. Maziwa yaliyopasteurishwa, kama yamekaa kwenye ubaridi kutoka kiwandani na tarehe yake haijapita, hayahitaji kuchemshwa. Si kwamba hayana bakteria hata mmoja. Wapo wachache waliosalimika, wasio wa magonjwa, na ndio watakaoyachachisha yakiachwa nje ya friji, kwa hiyo pakiti iliyokutwa vuguvugu kwenye rafu ya duka ambalo umeme ulikatika tangu jana ichemshwe au iachwe. Yale ya boksi yanayokaa miezi kadhaa bila friji ni kitu kingine: yamepitishwa kwenye nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache na kufungwa ndani ya boksi lisilo na vijidudu. Hayana dawa ya kuhifadhi, kinyume na uvumi wa mitaani, na yakishafunguliwa yanahitaji friji kama mengine yote.

Katikati ya dumu na pakiti zipo mashine za kuuzia maziwa zilizoenea katika miji ya Kenya, ambazo mteja hulipa, akakinga chupa yake, akapata ya shilingi anazotaka. Maziwa yake yanatakiwa yawe yameshapasteurishwa na yawe baridi. Usalama wake unategemea mambo mawili ambayo mteja hayaoni, yaani usafi wa mpira unaoyatoa na ubaridi wa tangi, pamoja na moja analolishika mkononi, chupa yake mwenyewe. Mwenye duka anaweza kuulizwa maziwa yamepasteurishwa wapi na lini. Akisitasita, maziwa hayo yahesabiwe kuwa mabichi na yapelekwe jikoni moja kwa moja.